UZI: Hita ya wati 1000, lita mbili za maji, na kilojuli 250 ambazo hazionekani

#1 Mwalimu wa Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia darasa la mazoezi la vijana wa uhandisi mwaka wa pili hapa Dodoma. Kanuni ya kwanza ya themodinamiki, ile ya kwamba nishati haipotei wala haizaliwi, wanaijua. Wape silinda na pistoni, wanakokotoa mpaka unafurahi. Wape sufuria ya maji yanayochemka, nusu ya darasa inaanza kuangalia dari. Silinda ya kitabuni imeshachorewa mstari wa mpaka, imeshaandikiwa joto, Q, linaingia huku na kazi, W, inatoka kule. Sufuria haijachorewa chochote.

Kwa hiyo muhula huu nimeweka pistoni kando. Kila kundi lilipewa sufuria ya alumini, maji kilo 2, kipimajoto, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na hita ya koili, ile ya kutumbukiza kwenye maji ambayo wengi wenu mmeificha chini ya kitanda hosteli. Swali moja tu: umeme ulioingia umeenda wapi?

Kundi moja limerudi na haya. Maji yalianza nyuzi 25, yakachemka nyuzi 96. Muda ni dakika 14 na nusu, yaani sekunde 870. Hita imeandikwa wati 1000, kwa hiyo wakaandika kilojuli 870 zimeingia. Maji yamechukua:

```
2 × 4.18 × (96 − 25) = 594 kJ
```

Sufuria yenyewe ina gramu 400, imechukua kilojuli 26. Jumla 620. Zinabaki 250 hazina pa kwenda. Mmoja wao akaniuliza bila kucheka, "Mwalimu, si ndiyo kusema kanuni imevunjika?"

Mimi nina njia yangu ya kuwaeleza, ila nataka kusikia ninyi mngewaeleza vipi kabla sijawachanganya zaidi. Kundi lenyewe limo humu, nimewaambia wajiunge.

#2 Mpita Njia

Hizo 250 amekula mgogo mmoja anaitwa upepo wa Dodoma. Funga dirisha mwalimu.

#3 Mhandisi Mtarajiwa

Mimi niko mwaka wa pili pia, kundi jingine. Naona jibu ni rahisi. Kanuni inasema ΔU = Q − W, yaani badiliko la nishati ya ndani ni joto lililoingia toa kazi iliyotoka. Q ni 870, ΔU ni 620, basi W ni 250. Ni kazi. Sisi tulifunika sufuria, na maji yalipokaribia kuchemka mfuniko ulikuwa unarukaruka, ta-ta-ta-ta. Ile ndiyo W. Joto limegeuka kuwa kazi ya kunyanyua mfuniko, kama injini ya mvuke. Wao kama hawakufunika basi mvuke umefanya kazi hewani.

#4 Boila Mstaafu

Kijana, nimekaa na boila za kiwanda miaka mingi, kwa hiyo naomba nikusimamishe hapo kidogo. Sikukatazi kufikiri, nataka upige hesabu ya huo mfuniko wako.

Mfuniko wa sufuria ya lita tatu una kama gramu 200. Ukiruka, unanyanyuka milimita 5, tena hapo nimekuwa mkarimu. Kazi ya mruko mmoja ni uzito mara kimo:

```
0.2 × 9.8 × 0.005 = 0.0098 J
```

Hiyo ni juli, siyo kilojuli. Sehemu moja ya mia ya juli. Ukirukaruka mara tano kila sekunde kwa dakika kumi, umeruka mara 3,000, na kazi yote haizidi juli 30. Wewe unatafuta juli 250,000. Mfuniko unapiga kelele nyingi kuliko kazi anayofanya, na yeye si wa kwanza.

Halafu huwezi kuchukua kinachobaki ukakibatiza jina W kwa sababu tu herufi ilikuwa haijapata kazi. Ukifanya hivyo kanuni haiwezi kukuambia kama umekosea, maana kila hesabu itafunga.

Sasa swali langu kwa wale waliopima. Hita imeandikwa wati 1000 kwa volti ngapi? Na soketi yenu ilikuwa na volti ngapi wakati mnapima?

#5 Binti wa Kongwa

Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma saa na kipimajoto kwenye hilo kundi, na siye niliyeuliza kama kanuni imevunjika, naomba ieleweke.

Tulifanyia geto, Ng'ong'ona, jioni kama saa moja, ule muda ambao taa zinapungua mwanga kila mtu akianza kupika. Hita imeandikwa 230V 1000W. Volti hatukupima siku ile. Ila baada ya kusoma swali lako nimeazima multimita ya jirani, na saa hizi hizi za jioni inasoma 205. Nimechomoa hita, ikapoa, nikapima ukinzani wa koili: omu 53.

#6 Boila Mstaafu

Marahaba binti. Kwa kupima omu umeniondolea nusu ya maneno.

Koili ni ukinzani tu. Haijui imeandikwa nini ubavuni. Ukiipa volti 230, 230 mara 230 gawa kwa 53 unapata wati 998, kwa hiyo maandishi hayajadanganya. Ukiipa 205 unapata:

```
205 × 205 / 53 = 793 W
```

Volti zimepungua kama asilimia 11, nguvu imepungua asilimia 20 na ushee, kwa sababu volti inajizidisha yenyewe. Sasa wati 793 kwa sekunde 870 ni kilojuli 690. Siyo 870. Katika zile 250 zenu, 180 hazijapotea, hazikuingia kabisa.

Zimebaki kama 70. Hizo sasa ndizo za kutafuta. Mlipima uzito wa sufuria kabla na baada?

#7 Binti wa Kongwa

Tulipima. Kufika kuchemka ilikuwa imepungua gramu 18. Tuliiacha nje ya hesabu kwa sababu tulisema maji yalikuwa bado hayajachemka, kwa hiyo hakuna mvuke.

#8 Mwalimu wa Nkuhungu

Hapo ndipo darasa zima linapoangukia, siyo ninyi peke yenu. Nguo inakauka kambani kwa nyuzi 28 na hakuna aliyeichemsha. Maji ya nyuzi 70 au 80 kwenye sufuria iliyo wazi yanatoa mvuke muda wote, na kila gramu inayoondoka inahitaji kama kilojuli 2.3 juu ya zile ulizotumia kuipasha. Gramu 18 ni kama kilojuli 42.

Kutoka 70 toa 42, zinabaki 28. Zimepita ubavuni mwa sufuria kwenda hewani. Gawa kwa sekunde 870, ni wati 32 kwa wastani. Sufuria yenye ubavu na kitako cha ukubwa ule, ikiwa na joto la nyuzi 35 juu ya hewa kwa wastani, inapoteza kiasi hicho hicho bila ajabu yoyote. Mkono wenyewe ukiusogeza karibu unasikia.

Sasa nataka Mhandisi Mtarajiwa aniandikie Q na W za hesabu hii upya. Mpaka uupitishe nje ya sufuria, maji na koili vikiwa ndani. Na ule mvuke tuufuate popote unapokwenda, usituponyoke.

#9 Mhandisi Mtarajiwa

Sawa, mfuniko nimeusamehe.

Q = 690 kutoka kwenye hita. ΔU = 594 + 26 + 42 = 662. Q nyingine ya kutoka ni 28. W = 0. Imefunga.

#10 Boila Mstaafu

Namba zimefunga, majina hayajafunga.

Umeambiwa koili iko ndani ya mpaka. Nini kinachovuka mpaka huo kuingia? Waya mbili zenye umeme. Nje ya mpaka hakuna kitu chenye moto kuliko maji yako. Joto ni nishati inayovuka kwa sababu upande mmoja una moto kuliko mwingine, na hapa ukuta wa sufuria ndio wenye moto kuliko chumba. Kwa hiyo joto pekee linalovuka mpaka wako linatoka. Q yako ni hasi 28. Kinachoingia ni kazi ya umeme, W ni hasi 690, hasi kwa sababu kazi imefanywa juu ya mfumo, siyo na mfumo.

```
ΔU = Q − W = −28 − (−690) = 662 kJ
```

Maji yamepashwa mpaka yakachemka, na joto halikuingia hata chembe. Chukua mpaka huo huo, uusogeze upite kati ya koili na maji, koili ibaki nje. Sasa uso wa koili una moto kuliko maji, na zile 690 zote zinaingia kama joto. Sufuria ni ile ile, maji ni yale yale, ΔU ni ile ile 662. Wewe ndiye uliyehamisha mstari wa kalamu.

Kwenye mtihani usipochora mpaka, msahihishaji hajui kama umepata au umekosa. Hata wewe hujui.

#11 Kemia Tupu

Samahani, mimi nafundisha kemia sekondari. Huku kwetu tunaandika ΔU = Q + W. Mnawafundisha watoto tulioshawafundisha vingine, halafu mnashangaa wanachanganyikiwa na hasi mbili zimepangana.

#12 Mwalimu wa Nkuhungu

Una haki kulalamika. Ninyi W ni kazi inayofanywa juu ya mfumo, sisi wa injini W ni kazi tunayoivuna kutoka kwenye mfumo, kwa sababu hiyo ndiyo tunayouza. Jibu ni lile lile. Nimewaambia wangu waandike juu ya ukurasa wanatumia ipi, na wasiibadilishe katikati.

#13 Mpita Njia

Sasa kama kazi inaweza kupasha maji bila joto kuingia, mbona ugali wa uwele nausonga mpaka mabega yanauma na hauivi kwa kusonga?

#14 Mwalimu wa Nkuhungu

Umeuliza kwa utani ila James Joule alifanya hivyo hivyo miaka ya 1840 kule Uingereza. Alikoroga maji kwa makafi yaliyozungushwa na mizigo iliyokuwa inashuka, na maji yakapata joto. Shida ni kiasi. Chukulia unausonga kwa wati 30, ambazo ni nyingi kwa mkono, dakika tano mfululizo. Umeweka kilojuli 9. Ugali wa kilo mbili utapanda nyuzi moja na kidogo. Mabega yanauma kwa haki, ugali unasubiri moto.

#15 MamaLishe Majengo

Jamani mimi nimeingia humu kwa sababu ya neno sufuria, hizo herufi siziwezi. Nina swali langu. Nilikuwa napika Dar es Salaam, nimehamia Dodoma. Maharage yale yale, jiko la gesi lile lile, huku yanachukua muda mrefu zaidi na gesi inaisha haraka. Ninawasha moto mpaka mwisho, yanatokota kwa fujo, bado magumu. Gesi ya huku ina matatizo? Au mtungi naletewa pungufu?

#16 Binti wa Kongwa

Mama, shikamoo. Gesi haina neno. Dodoma iko juu, kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza maji ni pungufu, kilopaskali 88 na nusu hivi, wakati Dar ni 101. Kwa hiyo maji ya huku yanachemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Maharage yako yanapikwa kwenye maji yenye moto pungufu, na ukiongeza moto maji hayavuki 96.

Kinachoongezeka ukikoleza moto ni mvuke tu. Yakishatokota, punguza moto mpaka yawe yanatikisika kidogo, funika. Yatabaki kwenye 96 ile ile na yataiva muda ule ule. Ile sufuria yetu ndogo ikiwa pale ilikuwa inapoteza kama wati 65 tu ubavuni, na jiko la gesi likiwa mwisho linatoa mara nyingi zaidi ya hizo. Ya kwako ni kubwa, itahitaji zaidi, lakini siyo moto wa mwisho.

#17 MamaLishe Majengo

Marahaba mwanangu. Yaani nachoma gesi kutengeneza mvuke. Kesho nitapunguza nione.

#18 Boila Mstaafu

Naongezea moja kwa mama. Nyuzi nne peke yake sidhani kama zinaeleza yote. Maji ya visima ya huku kwetu mengi ni magumu, yana chokaa, angalia utando mweupe ndani ya birika lako. Chokaa inafanya ganda la harage ligome kulainika. Jaribu sufuria moja na maji ya mvua uliyokinga, uone tofauti. Ukiwa na presha kuka ndiyo umemaliza ugomvi: kizito cha juu kikikandamiza kilopaskali 100 zaidi ya hewa ya hapa, maji ndani yanafika kama nyuzi 118 kabla ya kuchemka.

#19 Kemia Tupu

Kwa maharage naiunga mkono chokaa kuliko mwinuko. Nimeyapika Iringa, juu kuliko hapa, kwa maji laini, na yaliiva vizuri.

#20 Binti wa Kongwa

Mimi nabaki na mwinuko mpaka mama alete majibu ya maji ya mvua.

#21 Mhandisi Mtarajiwa

Turudi kwenye sufuria ya kwetu. Kuna kitu kwenye jibu la Binti kinanisumbua. Maji yakifika 96 hayapandi tena. Halijoto haibadiliki, kwa hiyo ΔU = 0. Umeme bado unaingia wati 793. Sasa hapa lazima W iwe kubwa. Nirudishieni mfuniko wangu.

#22 Binti wa Kongwa

Kwa hiyo kwako maji ya nyuzi 96 na mvuke wa nyuzi 96 vina nishati ya ndani sawa kwa kila gramu? Weka mkono kwenye mvuke wa birika halafu uje uandike.

#23 Mwalimu wa Nkuhungu

Binti amesema kwa ukali lakini amesema kweli. ΔU = 0 pale ambapo halijoto haibadiliki ni sheria ya gesi bora kwenye silinda ya kitabuni, na wengi wanaibeba mpaka jikoni. Maji yakigeuka mvuke, chembe zinang'olewa kutoka kwenye kushikana, na kuzing'oa kunagharimu nishati ambayo kipimajoto hakiioni.

Ila Mtarajiwa, safari hii kwenye W hujakosea kabisa. Ipo, na siyo ndogo kama ya mfuniko. Umeitafuta mahali pasipo pake.

Kundi la Binti waliendelea kuchemsha dakika kumi zaidi, bila mfuniko. Umeme ulioingia ni 793 mara 600, kilojuli 476. Mizani ilionyesha gramu 193 zimeondoka. Majedwali ya mvuke kwa presha ya Dodoma yanasema kila kilo ya maji inahitaji kilojuli 2,266 kugeuka mvuke. Kwa gramu 193 ni kilojuli 437. Zinabaki 39, ambazo ni wati 65 kupita ubavuni. Hebu linganisha: mwanzo tulipata wati 32 sufuria ikiwa na wastani wa nyuzi 35 juu ya hewa, sasa iko nyuzi 71 juu ya hewa na inapoteza mara mbili. Hesabu mbili tofauti zimekubaliana bila kuombwa. Mimi hapo ndipo naanza kuyaamini majibu ya mwanafunzi.

Sasa ingia ndani ya zile 437. Gramu 193 za maji zilikuwa zinajaza glasi moja, tena haijajaa. Zikiwa mvuke kwenye presha ya hapa, kilo moja inachukua mita za ujazo 1.90, kwa hiyo gramu 193 zinachukua lita 367. Karibu mapipa mawili ya lita 200. Nafasi hiyo haikuwa tupu, ilikuwa na hewa ya chumbani, na hewa ile inakandamiza kwa kilopaskali 88.5. Mvuke umeisukuma ikae pembeni:

```
W = 88.5 × 0.367 = 32.5 kJ
```

Hiyo ndiyo W ya sufuria. Kilojuli 32 na nusu, mara elfu moja ya ule mfuniko wako. Haina kelele, haionekani, na inafanyika hata ukitupa mfuniko nje. Zile nyingine 404 na ushee ndizo ΔU, zimeenda kung'oa chembe.

#24 Mhandisi Mtarajiwa

Basi nimeelewa kitu. Ngoja niandike: umeme 476, toa joto la ubavuni 39, toa 437 ya mvuke, halafu toa 32.5 ya kusukuma hewa. Naona sasa inapungukiwa 32.5.

#25 Boila Mstaafu

Umeitoa mara mbili. Hii wamefanya hata wahandisi wenye vyeti mbele yangu, wakati wa kukokotoa kuni za boila.

Ile 2,266 ya kwenye jedwali siyo nishati ya ndani peke yake. Ni entalpia. Waliotengeneza jedwali walijua mvuke hauwezi kuzaliwa bila kusukuma kitu, wakaiweka gharama ya kusukuma humo humo. Kwa kilo moja, 2,098 ni ya ndani na 168 ni ya kusukuma, jumla 2,266. Ukitumia 2,266 usiguse W ya hewa tena. Ukitumia 2,098 ndipo uiongeze. Hata ile 42 ya mwanzo tuliyoiweka yote kwenye ΔU ina kama kilojuli 3 za kusukuma hewa, tulizifumbia macho.

Na inategemea tena mpaka. Ukiufuata mvuke mpaka dirishani, kama alivyofanya mwalimu, mfumo ni uleule wa kilo 2, unavimba na kufanya kazi. Ukikata mpaka mdomoni mwa sufuria, mfumo unapungua uzito, na kila gramu inayovuka inaondoka na entalpia yake. Kwenye boila tunatumia wa pili, maana hakuna anayekimbizana na mvuke mpaka mwisho wa bomba.

#26 Mpita Njia

Na presha kuka ikiwa imefungwa kabisa, kizito hakijanyanyuka? Hewa gani inasukumwa?

#27 Boila Mstaafu

Hakuna. Ujazo haubadiliki, W ni sifuri, kila kilojuli inayoingia na isiyotoka ubavuni inakwenda kwenye ΔU, na presha inapanda mpaka kizito kinyanyuke. Ndiyo maana tundu la kizito likizibwa na ganda la harage ni hatari. Nishati haina mlango mwingine. Ukiona moto ni mkubwa, muda umepita na kizito kimenyamaza, zima jiko, usifungue mpaka ipoe.

#28 Mhandisi Mtarajiwa

Sawa wakuu. Swali la mwisho, na hili nina uhakika nalo. Tukirudia zile dakika kumi za kuchemka, hita ile ile, volti ile ile, ila tufunike, mvuke mwingi utagonga mfuniko urudi kuwa maji. Badala ya gramu 193 zitaondoka labda 100.

#29 Boila Mstaafu

Na mvuke ukirudi kuwa maji kwenye mfuniko, zile kilojuli zake zinaenda wapi?

#30 Mhandisi Mtarajiwa

Kwenye mfuniko.

#31 Boila Mstaafu

Na mfuniko unazipeleka wapi? Hewani tu, kwa ukubwa wake. Mfuniko wa sentimita 20 wenye nyuzi 96 utapoteza wati 25 hadi 30. Kwa dakika kumi ni kama kilojuli 16, sawa na gramu 7. Umeme hujaupunguza, unaingia ule ule 476, lazima utoke. Nasema 186. Mfuniko unaokoa kabla ya kuchemka, au ukishapunguza moto. Ukiacha moto pale pale hauokoi maji.

#32 Mhandisi Mtarajiwa

Mzee, 186? Aliyepita jikoni hawezi kukubali. Naweka soda.

#33 Binti wa Kongwa

Nimerudia leo jioni. Kwa usalama: hita imening'inizwa kwenye mti uliokatiza mdomo wa sufuria, haigusi alumini, na hakuna anayegusa maji wala sufuria kabla ya kuchomoa. Mfuniko umekaa upande kidogo kupisha waya. Volti nimesoma mwanzo, katikati na mwisho: 206, 205, 205.

Dakika kumi za kuchemka. Zimeondoka gramu 181.

#34 Mhandisi Mtarajiwa

Soda naleta. Ila 181 siyo 186.

#35 Boila Mstaafu

Tofauti na mara ya kwanza ni gramu 12, na mfuniko kwa joto unaeleza 7. Tano nadhani ni matone. Bila mfuniko, mapovu yakipasuka yanarusha matone nje ya sufuria, mizani inayahesabu kama mvuke wakati hayajagharimu hata kidogo kile mvuke unachogharimu. Kwa hiyo 193 ilikuwa na maji mabichi ndani yake.

#36 Mwalimu wa Nkuhungu

Kama ni matone, basi mvuke halisi wa mara ya kwanza ni 188, ambayo ni kilojuli 426, na ubavu ulipoteza 50, siyo 39. Wati 83. Halafu yale makubaliano yangu mazuri ya 32 na 65 yanaharibika. Mimi nashuku upepo zaidi, umeupuliza mfuniko ukapoteza joto jingi kuliko tunavyodhani.

#37 Binti wa Kongwa

Naweza kutandika gazeti kavu kuzunguka sufuria, nilipime kabla na baada. Matone yakidondoka yatalowesha gazeti.

#38 Boila Mstaafu

Litandike. Na ulipime haraka, hewa ya Dodoma italikausha kabla hujafika kwenye mizani.